Ngazi inayoteleza ukutani: njia tatu za kukokotoa kasi ya kichwa chake, na ipi ikufae

Ngazi ya mita 6.5 imeegemezwa kwenye ukuta wima, mguu wake uko kwenye sakafu tambarare. Mguu huo unavutwa kwa kamba kwenda mbali na ukuta, kwa mwendo usiobadilika wa mita 0.3 kwa sekunde. Je, mguu ukiwa mita 2.5 kutoka ukutani, kichwa cha ngazi kinashuka kwa kasi gani?

Swali hili lina njia tatu sahihi. Ya kwanza huanza na kanuni ya Pithagoras na kudifarenshieti mlinganyo wote kama ulivyo. Ya pili huitenga kwanza y, yaani kimo cha kichwa cha ngazi, ndipo inadifarenshieti. Ya tatu huacha urefu kando na kufuata pembe ambayo ngazi inafanya na sakafu. Zote zinafika kwenye jibu lile lile, kwa hiyo kuuliza ipi ni sahihi hakusaidii. Cha kupima ni mambo manne: kazi ya maandalizi inayohitajika, urahisi wa kukokotoa, mahali watu wanapokosea, na kile ambacho njia inakuonyesha zaidi ya ile namba moja uliyoulizwa. Hilo la nne ndilo hupuuzwa, na mara nyingi ndilo linaloamua.

Maandalizi yanayofanana kwa njia zote

Chora ukuta, sakafu na ngazi. Umbo ni pembetatu mraba. Umbali wa mguu kutoka ukutani uite x, kimo cha kichwa kutoka sakafuni kiite y. Sasa jiulize kipi kinabadilika na kipi hakibadiliki. x inakua, y inapungua, urefu wa ngazi unabaki 6.5 mwanzo hadi mwisho. Kwenye mchoro, basi, andika 6.5 kwenye ngazi, lakini usiandike 2.5 sakafuni. Andika x. Ile 2.5 ni hali ya sekunde moja tu, na kuiweka mapema ndiko kunakoharibu hesabu nyingi za aina hii.

Pembeni andika ulichopewa na unachotafuta:

```
dx/dt = 0.3
dy/dt = ?   wakati x = 2.5
```

Kimo cha sekunde ile kinapatikana kwa Pithagoras: 6.5² − 2.5² = 42.25 − 6.25 = 36, kwa hiyo y = 6.

Kabla ya kugusa njia yoyote, tabiri alama ya jibu. y inapungua, kwa hiyo dy/dt lazima iwe hasi. Unaweza hata kukadiria ukubwa wake kwa kikokotoo cha kawaida. Acha sekunde 0.1 ipite: mguu utakuwa umefika 2.53, na kimo kitakuwa kipeuo cha pili cha 42.25 − 6.4009, yaani karibu 5.9874. Kichwa kimeshuka mita 0.0126 katika sehemu ya kumi ya sekunde, sawa na mita 0.126 hivi kwa sekunde. Jibu litakalotoka liwe jirani na hapo, likija 0.3 au 0.72, umekosea njiani.

Njia ya kwanza: mlinganyo mzima

Maandalizi ni mstari mmoja, x² + y² = 42.25. Mlinganyo huu ni kweli kila sekunde, na kwa sababu hiyo tunaruhusiwa kuudifarenshieti pande zote mbili kwa kufuata muda:

```
2x(dx/dt) + 2y(dy/dt) = 0
dy/dt = -(x/y)(dx/dt)
```

Sasa ndipo namba zinaingia: −(2.5/6) × 0.3 = −0.125. Kichwa kinashuka kwa mita 0.125 kwa sekunde, yaani sentimita 12.5 kwa sekunde, na alama hasi imejitokeza yenyewe kama tulivyotabiri.

Makosa hapa ni mawili. La kwanza ni kusahau kanuni ya mnyororo na kuandika 2x + 2y = 0. Utaligundua upesi, kwa sababu mstari huo hauna kasi ndani yake, na tena unadai kwamba jumla ya urefu mbili zilizo chanya ni sifuri. La pili ni lile la kuweka namba mapema. Anayeandika x² + 36 = 42.25 kisha akadifarenshieti anapata 2x(dx/dt) = 0, yaani mguu haujongei, ilhali swali limesema unavutwa. Kwa kuandika 36 ameipigilia y misumari ukutani. Basi mlinganyo unamjibu kwamba ngazi haiendi popote.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba haijali kasi ipi imetolewa na ipi inatafutwa. Ukipewa kasi ya kichwa na kuulizwa ya mguu, mstari ni ule ule. Hata ngazi ikiwa ya kurefushwa, inayoongezeka urefu L huku ikiteleza, unabadilisha upande wa kulia tu: badala ya sifuri unaandika 2L(dL/dt). Inamfaa anayefanya mtihani wenye saa ukutani, na anayetarajia swali ligeuzwe kichwa chini.

Udhaifu wake ni kwamba inakupa uhusiano wa papo kwa papo tu. Haikuambii ngazi itakuwa wapi baada ya sekunde 5. Lazima utafute x na y kando, kisha urudi kwenye mstari wako.

Njia ya pili: tenga y kwanza

Hapa maandalizi ni marefu kidogo. Kutoka Pithagoras, y ni kipeuo cha pili cha 42.25 − x². Tunachukua kipeuo chanya kwa sababu kichwa kiko juu ya sakafu. Kwa kuwa mguu unakwenda kwa mwendo usiobadilika, tunaweza kuandika pia x = 2.5 + 0.3t, t ikiwa sekunde tangu pale mguu ulipokuwa 2.5. Kudifarenshieti kunatoa:

```
y = sqrt(42.25 - x^2)
dy/dt = [-x / sqrt(42.25 - x^2)] (dx/dt)
```

Weka x = 2.5 na kipeuo kinakuwa 6. Jibu ni −0.125 tena. Ukitazama vizuri, sehemu iliyo chini ya mstari ni y yenyewe. Ni fomula ya njia ya kwanza, ila imevaa koti.

Kukokotoa kunachosha zaidi kwa sababu kipeuo kinabebwa kila mahali. Kosa la kawaida linatokea ndani yake: mtu anaandika 1 juu ya mara mbili ya kipeuo, kisha anasahau kuzidisha kwa −2x iliyomo ndani. Anapata jibu chanya, karibu 0.025, na ngazi inapanda ukuta yenyewe. Kama alitabiri alama mwanzoni, kosa hili halimpiti.

Kwa nini basi mtu aichague? Kwa sababu inampa historia nzima ya ngazi. Ukiweka x = 2.5 + 0.3t ndani ya y, unayo fomula ya kimo kwa kila sekunde. Unaweza kuchora grafu, au kuipanga kwenye jedwali la kompyuta. Unaweza kuuliza sakafu itafikiwa lini: x ikifika 6.5, yaani baada ya (6.5 − 2.5)/0.3, takribani sekunde 13.3. Kutoka hapo unajua kwamba wastani wa mwendo wa kichwa katika safari yote ni 6 gawanya kwa 13.3, yaani mita 0.45 kwa sekunde. Linganisha na ile 0.125 ya mwanzo. Wastani umezidi mara tatu na nusu, kwa hiyo mbele huko kichwa lazima kiwe kinakwenda mbio sana. Njia ya kwanza ilikuwa na habari hii pia, lakini haikukusukuma kuitafuta.

Inamfaa anayetaka grafu, anayeulizwa maswali ya muda, au mwalimu anayetaka darasa lione kwa macho jinsi mstari wa kimo unavyopinda na kudidimia mwishoni. Haimfai anayepewa kasi ya kichwa peke yake. Ataanza kuigeuza fomula nzima ili aitenge x.

Njia ya tatu: fuata pembe

Iite θ pembe kati ya ngazi na sakafu. Sasa x = 6.5 cos θ na y = 6.5 sin θ. Difarenshieti ya x kwanza, kwa sababu ndiyo kasi uliyopewa:

```
dx/dt = -6.5 sin θ (dθ/dt) = -y (dθ/dt)
dθ/dt = -0.3/6 = -0.05
dy/dt = 6.5 cos θ (dθ/dt) = x (dθ/dt) = 2.5 × (-0.05) = -0.125
```

Hatua ni mbili badala ya moja, na kwa swali letu hilo ni mzunguko. Lakini angalia ulichookota njiani: ngazi inalala kwa radiani 0.05 kwa sekunde, sawa na nyuzi 2.9 hivi. Kama swali lingekuwa “pembe inabadilika kwa kasi gani?”, hii ndiyo njia fupi kuliko zote.

Panapoharibika ni kwenye vipimo vya pembe. Sheria za kudifarenshieti saini na kosaini kama tulivyozitumia zinafanya kazi kwa radiani peke yake. Mtu akibadilisha 0.05 kuwa nyuzi 2.9 na kuirudisha kwenye mstari wa mwisho, anapata kichwa kinachoshuka zaidi ya mita 7 kwa sekunde. Badilisha kuwa nyuzi mwishoni kabisa, unapoandika jibu. Kosa la pili ni dogo lakini sugu: mwingine hupima pembe kutoka ukutani badala ya sakafuni, halafu anatumia fomula za mwenzake. Saini na kosaini zinabadilishana nafasi, na kila kitu kinageuka.

Uzuri wake unaonekana swali linapopanuka. Ukiulizwa eneo la pembetatu iliyo chini ya ngazi linabadilika vipi, njia hii inakupa eneo = (6.5²/4) sin 2θ, na mara moja unaona kwamba eneo linakua hadi ngazi ifike nyuzi 45, kisha linaanza kupungua. Katika sekunde yetu linaongezeka kwa mita za mraba 0.74 hivi kwa sekunde. Kwa njia ya kwanza unafika pia, kwa kudifarenshieti xy/2, lakini ile kona ya nyuzi 45 haijitokezi yenyewe.

Inamfaa anayeendelea na fizikia au uhandisi, na yeyote aliyezoea kufikiri kwa pembe. Aliyeanza kujifunza mada hii wiki iliyopita aiache kwanza.

Jibu linasema nini hasa

Fomula dy/dt = −(x/y)(dx/dt) inasema kwamba kichwa na mguu haviendi kwa kasi moja, ingawa viko kwenye mbao zile zile. Uwiano wa kasi zao ni x/y. Mafundi hufundishwa kusimamisha ngazi kwa kanuni ya moja kwa nne: kila mita nne za kimo, mguu uwe mita moja kutoka ukutani, pembe ya karibu nyuzi 75. Hapo x/y ni robo, kwa hiyo mguu ukianza kuteleza, kichwa kinashuka kwa robo tu ya kasi ya mguu. Kwenye nyuzi 45 vinalingana. Baada ya hapo kichwa kinaupita mguu, na kinaupita kwa mbali:

```
x (m)    y (m)    kasi ya kushuka (m/s)
2.5      6.0      0.125
3.9      5.2      0.225
5.2      3.9      0.4
6.0      2.5      0.72
6.49     0.36     5.4
```

Mguu haukubadilisha mwendo hata kidogo katika safu zote hizi. Ukisogeza x hadi 6.4999, kasi inafika mita 54 kwa sekunde, na ukiendelea hivyo haina kikomo, kwa sababu y iliyo chini ya mstari inakaribia sifuri. Mwanafunzi makini huuliza hapa: ina maana ngazi inagonga sakafu kwa kasi isiyo na mwisho? Hapana, na jibu lisiishie kusema kwamba hisabati imekosea. Hisabati imefanya ilichoambiwa. Tuliiambia kwamba kichwa hakibanduki ukutani hata mara moja, na dhana hiyo ndiyo inayovunjika.

Tunaweza kusema hata inavunjika wapi. Ukidifarenshieti mara ya pili, mchapuko wa kichwa kuelekea chini unatoka hivi, v ikiwa kasi ya mguu na L urefu wa ngazi:

```
mchapuko = v²L²/y³
```

Chukua ngazi nyembamba yenye uzito uliosambaa sawasawa na ukuta usio na msuguano. Ukuta unaweza kuisukuma ngazi tu; hauwezi kuivuta. Uzito peke yake unaweza kukiongezea kichwa mwendo kwa kiasi fulani, na ukipiga hesabu ya ngazi inayozunguka kwenye mguu wake unakuta kwamba msukumo wa ukuta unafika sifuri pale mchapuko huo unapofikia 3g/2, g ikiwa mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani mita 14.7 kwa sekunde kwa sekunde. (Msomaji wa fizikia ataona kwamba hesabu hii ni nyepesi kwa njia ya pembe, na ni mateso kwa nyingine mbili.) Kwa namba zetu:

```
y³ = 2v²L²/(3g) = 2 × 0.09 × 42.25 / 29.43 ≈ 0.258
y ≈ 0.64 m
```

Kichwa kinabanduka ukutani kikiwa sentimita 64 juu ya sakafu, kikishuka kwa mita 3 hivi kwa sekunde. Kuanzia hapo x² + y² = 42.25 si kweli tena, kwa sababu x ilikuwa umbali wa mguu kutoka ukutani na kichwa hakipo tena ukutani, pembetatu imefunguka. Safu ya mwisho ya jedwali, ile ya 5.4, ni ya ngazi iliyofungwa ukutani kwa reli, si ya ngazi iliyoegemezwa tu. Safu nne za juu ziko salama. Ukivuta kwa kasi zaidi, ngazi inabanduka juu zaidi: kwa mita 0.6 kwa sekunde, kimo hicho kinapanda hadi karibu mita 1.

Uchague ipi kwa hali yako

Swali likitaja kasi moja na kutaka nyingine katika sekunde moja iliyotajwa, tumia mlinganyo mzima. Ndivyo ilivyo pia kama urefu wa ngazi unabadilika, au kama hujui bado utaulizwa kasi ya upande gani.

Ukiona maneno kama “baada ya sekunde ngapi”, “chora grafu” au “wastani wa mwendo”, tenga y. Utalipa kwa kubeba kipeuo, lakini hutahitaji kurudi nyuma kila swali jipya linapoulizwa. Njia hii inafaa pale tu mwendo wa mguu unapojulikana kwa muda wote. Kama umepewa kasi ya sekunde moja tu, huna x kama fomula ya muda, na faida yote inapotea.

Pembe ikitajwa popote, au eneo, au sehemu ya katikati ya ngazi, nenda kwa njia ya tatu. Sehemu ya katikati inastahili mfano: iko kwenye (3.25 cos θ, 3.25 sin θ), yaani inachora robo ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 3.25 na kitovu kwenye kona ya ukuta na sakafu. Mtu aliyekaa katikati ya ngazi anakwenda kwa kasi ya 3.25 × 0.05, takribani mita 0.16 kwa sekunde, na unaipata bila kuandika mstari mwingine.

Na kama una dakika tatu za ziada kwenye karatasi, fanya kwa njia ya kwanza, kisha hakiki kwa ya tatu, ukiitafuta θ kutoka cos θ = 2.5/6.5 badala ya kutumia y = 6. Kuhakiki ya kwanza kwa ya pili hakusaidii sana, kwa sababu zote mbili zinaanza na Pithagoras ile ile. Ukiwa umeikosea hapo, zitakubaliana katika kosa.